Wima Hutoa Muda, Mlalo Hutoa Umbali

Tufe la wanaume lina kilo 7.26. Mrushaji hulibana shingoni chini ya taya, huzunguka ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, kisha huunyoosha mkono mbele na juu kwa nguvu zote alizonazo. Likishaachana na vidole vyake, hana tena la kulifanyia. Anaweza kupiga kelele, anaweza kuinama upande kama watu wanavyofanya wakitaka kitu kielekee huko, lakini tufe halimsikii. Mei 27, 2023, mjini Los Angeles, Mmarekani Ryan Crouser alilifikisha mita 23.56, na hiyo ikawa rekodi ya dunia. Safari nzima ya tufe kama lile haizidi sekunde mbili na ushei.

Ukiyajua mambo matatu ya ile nukta tufe linapotoka mkononi, yaani kasi yake, pembe lililoelekea, na kimo cha mkono kutoka ardhini, unaweza kukaa na kalamu na karatasi ukaeleza litaanguka wapi na baada ya muda gani, kabla ya waamuzi kukunjua utepe wao. Hesabu hii hufundishwa sekondari, na ni miongoni mwa zile zinazowatoa jasho wanafunzi wengi. Naamini sababu ni kwamba wengi hupewa kanuni za kukariri kabla ya kuonyeshwa wazo lenyewe. Wazo ni moja tu, na mtu yeyote aliyewahi kurusha jiwe kwenye mwembe anaweza kulielewa.

Tatizo liko hivi. Tufe linafanya mambo mawili kwa mpigo: linapanda kisha linashuka, na wakati huohuo linasonga mbele. Njia yake ni tao, lile umbo ambalo wanahesabu huliita parabola. Kulifuata tao lenyewe ni kazi ngumu, kwa maana kasi inabadilika kila mara na mwelekeo nao unabadilika kila mara. Basi usilifuate. Fuata vivuli vyake viwili. Fikiria jua liko utosini, kivuli cha tufe kikitambaa ardhini. Fikiria pia taa kubwa imewekwa nyuma ya mrushaji ikimulika mbele, na ukuta mrefu umesimama mwisho wa uwanja: kivuli cha pili kitaonekana pale ukutani, kikipanda na kushuka tu.

Kivuli cha ardhini kinasonga mbele kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Hakiharakishi wala hakizubai. Kivuli cha ukutani kinapanda huku kikipungua kasi, kinafika kileleni, kinasimama kwa nukta moja, kisha kinashuka huku kikiongeza kasi. Kila kimoja kina mwendo mwepesi unaoweza kuukokotoa peke yake, na hakuna kinachomwingilia mwenzake. Hapo ndipo penye siri ya mada nzima.

Kwa nini haviingiliani? Kwa sababu tufe likiwa hewani, nguvu inayolitawala ni mvutano wa dunia, na mvutano huo unavuta kuelekea chini, wima kabisa. Hauna sehemu inayovuta mbele wala inayorudisha nyuma. Kitu kisichosukumwa wala kuzuiwa huendelea na mwendo wake uleule. Kwa hiyo mwendo wa kwenda mbele haubadiliki. Mwendo wa juu na chini ndio unaobeba adhabu yote: kila sekunde moja, kasi ya wima inapungua kwa mita 9.8 kwa sekunde tufe linapopanda, na kuongezeka kwa kiasi hichohicho linaposhuka. Namba hiyo, 9.8, ndiyo mchapuko wa mvutano wa dunia, na katika vitabu huandikwa kwa herufi g.

Galileo Galilei ndiye aliyeliweka wazo hili wazi, katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1638. Kabla yake wapiga mizinga walijua kwa mazoea kwamba pembe ya nyuzi 45 hufikisha risasi mbali, na Niccolò Tartaglia alikwisha kuiandika mwaka 1537. Ila kwa nini iwe hivyo, na kwa nini njia iwe parabola na si umbo jingine, ni Galileo aliyeeleza, kwa kutenganisha mlalo na wima.

Huna haja ya kumwamini Galileo kwa jina lake tu. Chukua sarafu mbili. Weka moja ukingoni kabisa mwa meza, na nyingine uishike nje ya meza, kwa kimo kilekile. Mtu mmoja aipige ya kwanza kwa rula iruke mbele, na wewe uiachie ya pili ianguke palepale, kwa wakati mmoja. Usitazame, sikiliza. Meza ikiwa na kimo cha sentimita 80, sarafu zote mbili zitagusa sakafu baada ya sekunde 0.4 hivi, na sakafu ikiwa ya saruji utasikia mlio mmoja. Ile iliyoruka mbele imekwenda mbali zaidi, lakini haikuchelewa kufika chini hata kidogo. Kwenda mbele hakukuiongezea muda. Ukiipiga kwa nguvu zaidi itakwenda mbali zaidi, na bado mlio utakuwa mmoja. Wakipishana, kosa liko kwenye mikono yenu: mmoja kaachia mapema, au rula imeinyanyua sarafu juu kidogo badala ya kuisukuma sawasawa.

Sasa turudi kwa mrushaji wetu, tumpe namba. Tuseme tufe limetoka mkononi kwa kasi ya mita 13 kwa sekunde, likielekea juu kwa pembe ya nyuzi 40 kutoka usawa wa ardhi, na mkono wake ulikuwa mita 2.1 kutoka chini. Hizi ni namba za mrushaji mzuri, ingawa si wa kiwango cha Crouser.

Kazi ya kwanza ni kuigawa kasi hiyo ya 13 iwe kasi mbili: ya kivuli cha ardhini na ya kivuli cha ukutani. Kabla ya kugusa kikokotoo, napenda mtu achore. Chukua kipimapembe, chora mstari wenye urefu wa sentimita 13 ulioinuka nyuzi 40 kutoka kwenye ukingo wa karatasi. Kutoka ncha yake teremsha mstari wima hadi chini. Umepata pembetatu yenye pembe mraba. Pima ule upande wa chini kwa rula: utapata karibu sentimita 10. Pima ule wa wima: karibu 8.4. Umekwisha kuigawa kasi. Tufe linasonga mbele kwa mita 10 hivi kwa sekunde, na linaanza kupanda kwa mita 8.4 hivi kwa sekunde.

Wengi hushtuka hapa, kwa kuwa 10 na 8.4 ukizijumlisha hazirudi 13. Hazitakiwi kurudi. Ukitembea hatua 10 kuelekea mashariki na 8.4 kuelekea kaskazini, hujafika umbali wa hatua 18.4 kutoka ulipoanzia, kwa kuwa ulikata kona. Kinachorudi ni mraba wa kila upande: mraba wa upande mmoja ukijumlishwa na mraba wa mwingine unatoa 169, ambayo ni 13 mara 13. Hiki ni kipimo kizuri cha kujikagua kila unapomaliza kugawa kasi.

Kikokotoo hufanya kazi ya rula kwa usahihi zaidi. Upande ulioshikana na pembe, yaani ule wa chini, unapatikana kwa kitufe cha cos. Ule unaoitazama pembe, yaani wa wima, kwa kitufe cha sin:

```
mlalo: 13 × cos 40° = 9.96 m/s
wima:  13 × sin 40° = 8.36 m/s
```

Kuanzia hapa ile 13 iweke kando. Imemaliza kazi yake, na kuirudisha kwenye hesabu ni kosa ambalo walimu hulikuta kwenye madaftari kila mwaka.

Swali linalofuata ni muda. Tufe litakaa hewani kwa muda gani? Jibu liko kwa kivuli cha ukutani peke yake. Kinaanza kupanda kwa mita 8.36 kwa sekunde, na kila sekunde kinapoteza 9.8. Kwa hiyo kitaishiwa na kasi ya kupanda baada ya 8.36 kugawanywa kwa 9.8, sawa na sekunde 0.85. Hapo ndipo kilele.

Kilele kiko juu kiasi gani? Katika kupanda, kasi ilianza 8.36 ikaisha sifuri, hivyo wastani wake ni nusu, yaani 4.18. Zidisha kwa sekunde 0.85, unapata mita 3.56. Ongeza mita 2.1 za mkono wa mrushaji. Kilele kiko mita 5.66 kutoka ardhini, zaidi ya mara mbili ya kimo cha mlingoti wa goli la mpira.

Kutoka kilele hadi chini ni kuanguka tu, kama embe linavyoanguka. Kitu kinachoanguka kutoka utulivu kinashuka umbali wa nusu ya g mara mraba wa muda. Basi muda ni kipeuo cha pili cha umbali mara mbili gawanya kwa g: mita 11.32 kugawanywa kwa 9.8 ni 1.155, na kipeuo chake cha pili ni 1.075 ukikadiria. Kupanda 0.85, kushuka 1.075, jumla sekunde 1.93.

Angalia kwamba kushuka kumechukua muda mrefu kuliko kupanda. Ni lazima iwe hivyo, kwa maana tufe lilianza kupanda kutoka mita 2.1 lakini likashuka hadi sifuri. Anayesahau jambo hili huuzidisha muda wa kupanda kwa mbili, akapata sekunde 1.71, na mwishowe anampunja mrushaji zaidi ya mita mbili.

Sasa ndipo zamu ya kivuli cha ardhini. Hakijabadili kasi: mita 9.96 kila sekunde. Kimepewa sekunde 1.93 za kutembea. Zidisha:

```
umbali = 9.96 × 1.93 = 19.2 m
```

Mita 19.2. Hiyo ndiyo hesabu nzima. Wima imetoa muda, mlalo ukautumia kupata umbali, na kitu pekee kilichovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni muda. Mwanafunzi akilishika hili, hata akisahau kanuni zote, ataweza kuanza upya kutoka mwanzo na kufika. Swali lolote la aina hii, liwe la jiwe lililorushwa kutoka mwambani au maji yanayotoka kwenye bomba la zimamoto, litaulizwa kwa njia hiyohiyo: nani anajua muda? Mara nyingi ni wima. Mara mojamoja huwa ni mlalo, kwa mfano ukiulizwa mpira utakuwa juu kiasi gani utakapofika kwenye ukuta ulio mita 20 mbele. Hapo umbali wa mbele ndio unaokupa muda, na wima ndiyo inayopokea.

Wako wanaopenda kuikamilisha safari ya wima kwa mlinganyo mmoja badala ya kuikata kileleni. Wanasema: tufe linaishia mita 2.1 chini ya lilikoanzia, kwa hiyo

```
-2.1 = 8.36t - 4.9t²
```

Ukiutatua, unapata majibu mawili: sekunde 1.93, na sekunde 0.22 hasi. Wengi hulifuta la pili bila kulitazama. Mimi nadhani linastahili kutazamwa, kwa sababu lina maana yake. Linasema kwamba kama tufe lingekuwa limerushwa kutoka ardhini likapita pale mkononi kwa kasi hiyohiyo na mwelekeo huohuo, lingekuwa limeondoka ardhini sekunde 0.22 kabla. Mlinganyo haujui kwamba kulikuwa na mtu aliyesimama pale; unaijua parabola tu, na parabola inagusa ardhi mara mbili.

Makosa katika hesabu hizi yana sura zake, na mengi yanajifichua ukijua pa kutazama. Lililo rahisi kuligundua ni la kikokotoo kilichowekwa kwenye radiani badala ya nyuzi. Ukibonyeza cos ya 40 kwenye hali hiyo unapata hasi 0.67, maana yake tufe limeruka kinyumenyume kumwendea mpiga picha. Bahati mbaya si kila pembe inatoa alama ya hasi, kwa hiyo jaribu kwanza sin ya 30. Ikikupa 0.5, kikokotoo kiko sawa.

La hatari zaidi ni kubadilisha sin na cos. Kwa namba zetu, aliyebadilisha atapata kasi ya wima 9.96 na ya mlalo 8.36, atafuata hatua zote kwa uaminifu, na mwisho atapata mita 18.6. Jibu hilo linaonekana la kweli kabisa. Hakuna kitu ndani yake kinachopiga kelele. Dawa yake ni kutazama pembe kabla ya kuendelea: ikiwa chini ya nyuzi 45, tufe limelala zaidi kuliko lilivyosimama, basi kasi ya mlalo lazima iwe kubwa kuliko ya wima. Ikiwa juu ya 45, kinyume chake. Hapa ndipo ule mchoro wa rula unapolipa gharama yake.

Kosa la tatu ni la mawazo, si la namba. Ukimuuliza mwanafunzi kasi ya tufe likiwa kileleni, wengi watajibu sifuri. Lakini kilichosimama pale ni kivuli cha ukutani peke yake. Cha ardhini kinaendelea na mita zake 9.96 kwa sekunde kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama kasi yote ingekuwa sifuri pale juu, tufe lingeanguka wima kutoka kileleni kama tone la mvua, na hakuna mtu aliyewahi kuona tufe likifanya hivyo. Mchapuko nao haukwenda popote, ni 9.8 kuelekea chini, kileleni kama kwingineko.

Lipo pia kosa la kanuni fupi. Vitabu vingi vina kanuni inayosema umbali ni mraba wa kasi, mara sin ya pembe mara mbili, gawanya kwa g. Ni kanuni ya kweli, nzuri, na fupi, ila ina sharti moja: kitu kiangukie usawa uleule kilikorushiwa. Kwa mpira uliopigwa kutoka majanini ukaanguka majanini, itumie. Kwa tufe lililotoka mita 2.1 juu, itakupa mita 17.0 badala ya 19.2. Ni kosa lilelile la kuuzidisha muda wa kupanda kwa mbili, isipokuwa safari hii limejificha ndani ya kanuni ambako halionekani.

Kanuni hiyo fupi ndiyo iliyoufanya ulimwengu uamini kwamba nyuzi 45 ndizo bora kila mahali. Twende polepole hapa, kwa kuwa hapa ndipo hesabu inapoanza kuzungumza na mwanariadha.

Ukiinua pembe, unaongeza kasi ya wima, kwa hiyo unanunua muda; lakini unaupunguza mwendo wa mbele. Ukiishusha, unapata mwendo wa mbele lakini muda unapungua. Kitu kikianguka usawa uleule kilikoanzia, mizani inakaa sawa kwenye 45. Lakini tufe limekwisha kupewa muda wa bure: zile mita 2.1 za mkono zitalichelewesha kufika chini hata lisiporushwa juu kabisa. Likiwa na muda wa bure, lina haja ndogo zaidi ya kununua mwingine, na inafaa kuweka kasi zaidi kwenye mlalo. Kwa hiyo pembe bora inashuka chini ya 45. Rudia hesabu yetu kwa nyuzi 45: umbali ni mita 19.14. Kwa nyuzi 42: mita 19.23. Kwa 40 tulipata 19.20. Kilele kiko karibu na 42, na tofauti zenyewe ni za sentimita.

Lakini ukiwapima warushaji wenyewe uwanjani, utakuta tufe linatoka mikononi mwao kwa pembe iliyo chini zaidi, mara nyingi kati ya nyuzi 30 na 40. Je, hawajui hesabu? Wanajua kitu ambacho hesabu yetu haikuambiwa. Tulidhani kwamba kasi ni 13 hata pembe iwe ipi. Mwili wa binadamu haufanyi hivyo. Kusukuma kuelekea juu ni kupigana na uzito wa tufe lenyewe, na misuli ya kifua na bega ina nguvu zaidi ikisukuma mbele kuliko juu. Kadiri pembe inavyoshuka, kasi inaongezeka. Tuseme kwa kushusha pembe kutoka 42 hadi 36 mrushaji anapata mita 13.2 kwa sekunde badala ya 13. Ukikokotoa utapata mita 19.43, sentimita 20 zaidi ya ile pembe iliyoitwa bora.

Hili linatupeleka kwenye ukweli ambao kocha mzuri anaujua. Ongeza kimo cha mkono kwa sentimita 10: umbali unaongezeka kwa sentimita 9 hivi. Rekebisha pembe kwa nyuzi tatu kutoka 45 hadi 42: sentimita 9 tena. Ongeza kasi kutoka mita 13 hadi 14 kwa sekunde: umbali unaruka kutoka mita 19.23 hadi 22.0. Kasi inaingia mara mbili, kwa wima ikileta muda na kwa mlalo ikileta mwendo, na ndiyo maana faida yake ni kubwa kiasi hicho. Kwa mita zake 23.56, tufe la Crouser lilipaswa kutoka mkononi kwa zaidi ya mita 14 kwa sekunde. Mizunguko yote ile ndani ya duara inatafuta kitu hicho kimoja.

Kuna tofauti nyingine ndogo inayotuhusu sisi tunaoishi karibu na ikweta. Ile 9.8 si sawa dunia nzima. Kwenye ikweta ni karibu 9.78, na kwenye ncha za dunia ni 9.83, kwa sababu dunia inazunguka na imetuna katikati. Tufe lilelile, kwa kasi ileile na pembe ileile, likirushwa kwenye ikweta litakwenda kama sentimita 9 zaidi kuliko likirushwa nchani. Hakuna anayezipunguza sentimita hizo kwenye kitabu cha rekodi.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba hewa haipo. Kwa tufe, dhana hiyo haina madhara makubwa. Uzito wake unalivuta kwa newtoni 71 hivi, na hewa, kwa kasi ya mita 13 kwa sekunde, inalizuia kwa nguvu isiyofika newtoni moja. Umbali utapungua kwa kiasi cha kufunikwa na kiganja. Hiyo ndiyo sababu nimelichagua tufe: ni kitu cha kweli, kinachorushwa na watu wa kweli, ambacho hesabu ya darasani inakitosha.

Mpira wa miguu haukubali. Kipa akiupiga kwa mita 25 kwa sekunde na nyuzi 45, hesabu yetu itasema mita 64 hivi, ambazo ni zaidi ya nusu ya uwanja. Hataziona. Mpira ni mwepesi na mpana: una uzito wa newtoni 4 na kidogo, na kwa kasi hiyo hewa inaweza kuuzuia kwa nguvu inayokaribia uzito huo wenyewe. Ukiutazama ukiwa umesimama pembeni mwa uwanja utaona tao lake halina ulinganifu; linapanda kwa mlazo na kushuka kwa ghafla zaidi. Tao likiwa na sura hiyo, jua kwamba hewa imeingia kwenye hesabu na kanuni za parabola zimefika mwisho wake.

Mkuki una mambo yake tena, kwa kuwa hewa hauuzuii tu bali pia huubeba. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliurusha mita 104.80 mjini Berlin, umbali ambao ulianza kutishia watu waliokuwa upande wa pili wa uwanja. Kuanzia mwaka 1986 mkuki wa wanaume ulitengenezwa upya, kitovu chake cha uzito kikasogezwa mbele kwa sentimita 4, ili ncha iinamie chini mapema. Mkuki wa aina hiyo mpya ndio aliourusha Mkenya Julius Yego mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia, yeye ambaye alijifunza mbinu zake kwa kutazama video za warushaji wengine mtandaoni.

Kwa mpira na mkuki, kazi ya kugawa kasi iwe mlalo na wima inaendelea, ila haimalizwi kwa mara moja. Hewa inavuta kinyume cha mwelekeo wa kitu, kwa hiyo inakula kasi zote mbili, na kiasi inachokula kinategemea kasi ya jumla ya nukta ile. Vile vivuli viwili sasa vinaingiliana. Anayekokotoa huikata safari vipande vidogo vya muda, tuseme sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika kila kipande anagawa kasi, anatoa alichokula hewa kwenye mlalo, anatoa alichokula hewa na mvutano kwenye wima, anakisogeza kitu hatua moja ndogo, kisha anaanza tena na kasi mpya. Kwa mpira wa kipa atarudia hivyo mara mia kadhaa, hadi kimo kisome sifuri. Na idadi ya vipande alivyovipitia ndiyo muda wa mpira kukaa hewani.